Hashi ya kulia, hashi ya kuvukia: mahali pa kusikiliza katika neno la Kijapani

"Shikamoo mwalimu. Nina miezi mitano najifunza Kijapani hapa Morogoro. Wananiambia hashi ni vijiti vya kulia, hashi ni daraja, na hashi ni ukingo, eti tofauti yake ni mlio tu. Nimesikiliza rekodi mpaka simu ikazima chaji, nasikia neno lilelile. Sikio langu bovu? Na nianzie wapi?"

Marahaba. Sikio lako ni zima, ila linatafuta kitu ambacho hakipo. Sisi tuliokulia Kiswahili tumezoea mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo huja na mambo matatu kwa pamoja: silabi inatamkwa kwa nguvu zaidi, inavutwa kidogo, na sauti inapanda. Tamka "mwalimu" polepole, utaona ile "li" inavyopata yote matatu. Kijapani cha Tokyo kimeyatenganisha. Nguvu hakiitumii kubainisha maneno. Urefu kinautumia, lakini kwa kazi nyingine ambayo nitaifikia. Kinachotenganisha hashi na hashi ni kidatu peke yake, yaani sauti kuwa juu au chini, na hata hapo huhitaji kufuatilia kidatu chote. Unatafuta sehemu moja tu, pale sauti inapoanguka.

Kwanza tukubaliane namna ya kuhesabu. Kijapani hukatwa katika mapigo mafupi yanayolingana kwa muda. "Ha" ni pigo moja, "shi" ni pigo moja. "N" inayofunga silabi ni pigo kamili, na irabu ndefu ni mapigo mawili, kwa hiyo Tokyo kwa Mjapani ni to-o-kyo-o, mapigo manne. Kila pigo liko juu au liko chini. Nitaandika la juu kwa herufi kubwa na la chini kwa herufi ndogo.

Sasa chukua hashi zako tatu, na kila moja uifuatishe kile kijineno "ga" kinachoonyesha mtenda wa sentensi. Vijiti vya kulia ni HA-shi-ga: sauti inaanza juu na kuanguka mara moja baada ya "ha". Daraja ni ha-SHI-ga: inaanza chini, inapanda kwenye "shi", kisha inaanguka kwenye "ga". Ukingo ni ha-SHI-GA: inaanza chini, inapanda, na haianguki kabisa.

Angalia hizo mbili za mwisho. Ukiondoa "ga", daraja ni ha-SHI na ukingo ni ha-SHI. Hayo ni maneno mawili yanayotofautiana, lakini yakisimama peke yake tofauti yao haisikiki, kwa sababu mshuko wa daraja unatokea baada ya neno kwisha, na kama hakuna kinachofuata hauna pa kutua. Kama rekodi yako inasoma maneno matupu, "hashi, hashi, hashi", basi kwa daraja na ukingo ulikuwa sahihi kabisa kusikia kitu kimoja. Tatizo liko kwenye rekodi. Usikubali tena zoezi la vidatu lisilokuwa na "ga", "wa" au "o" nyuma ya nomino.

Hapo ndipo walimu wa Kijapani wanapopata majina yao manne, na utayakuta kwenye vitabu. Mshuko ukiwa baada ya pigo la kwanza, neno huitwa atamadaka, kichwa kiko juu. Ukiwa katikati ya neno, nakadaka. Ukiwa baada ya pigo la mwisho, odaka, mkia uko juu. Kusipokuwa na mshuko, heiban, tambarare. Kamusi nyingi hufupisha hayo kwa namba inayotaja pigo la mwisho kabla ya mshuko: vijiti ni 1, daraja ni 2, ukingo ni 0. Namba hiyo ukiijua, mengine yote unayapata mwenyewe. Pigo la kwanza na la pili huwa hayalingani, moja likiwa juu jingine liko chini, na sauti ikishaanguka ndani ya neno haipandi tena. Kwa hiyo neno lenye mapigo manne na namba 2, kama Nagasaki, haliwezi kuwa kingine ila na-GA-sa-ki. Hiroshima ni 0, basi ni hi-RO-SHI-MA, na "ga" ikifuata nayo inabaki juu. Mswahili huwa anasema "Nagasaaki" na "Hiroshiima", kwa mkazo wetu wa kawaida, na majina yote mawili yanatoka tofauti na yanavyotamkwa kwao.

Kupanda kule mwanzoni kusikushughulishe. Kunatokana na mwanzo wa kifungu cha maneno, si mali ya neno lenyewe. Ukitanguliza "kono", yaani "hii", ukasema "ukingo huu ni…", unapata ko-NO-HA-SHI-GA. Sauti ilishapanda kwenye "no", na "ha" iliyokuwa chini sasa iko juu. Ukisema "vijiti hivi ni…", ni ko-NO-HA-shi-ga. Mwanzo wa maneno hayo mawili sasa unafanana kabisa. Kilichobaki kuyatenganisha ni mshuko, na haukusogea hata pigo moja. Wanafunzi wengi huchoka kwa sababu wanakariri "chini-juu" na "juu-chini", halafu wakikutana na neno katikati ya sentensi linakuwa na umbo jingine. Anayekariri mahali pa mshuko hapati shida hiyo.

Kuhusu wapi uanzie, ningekushauri uweke hashi kando kwa muda. Ni mfano maarufu lakini kwa sikio changa ni mgumu. Sauti ya "sh" haina mrindimo kooni. Kidatu kinakatika pale katikati, na wewe unalazimika kulinganisha vipande viwili vilivyotengana. Anza na ame. Mvua ni A-me-ga, peremende ni a-ME-GA. Irabu, "m" na "g" zote zinarindima, kwa hiyo kidatu kinatiririka bila kukatika tangu mwanzo hadi mwisho, na mshuko unasikika ukitokea. (Watangazaji wa zamani na wazee wengi wa Tokyo hutamka "ga" hiyo kwa ile "ng'" ya ng'ombe, ukiisikia usidhani ni kijineno kingine.)

Pata rekodi ya mtu mmoja akisema "ame ga" ya mvua na "ame ga" ya peremende, kila moja mara kadhaa. Iwe sauti ya mtu yuleyule, maana watu wawili wana sauti za kimo tofauti na hilo litakuvuruga. Sikiliza moja, kisha ifuatishe ukiwa umefunga mdomo, kwa mguno tu, "mm-mm-mm". Mguno unaondoa konsonanti na irabu na kubakiza kidatu peke yake. Mvua itakuwa mguno mmoja wa juu ukifuatwa na miwili ya chini. Peremende itakuwa mmoja wa chini ukifuatwa na miwili ya juu. Usijaribu kusema neno mpaka mguno wako ulingane na wa rekodi. Jirekodi kwenye simu, sikiliza vyote viwili kwa kufuatana. Watu husita kufanya hivi kwa aibu ya kuguna mbele za watu, lakini katika yote ninayofundisha hakuna kinachofungua sikio haraka kuliko hiki.

Baada ya hapo jipime, na upimaji uwe wa haki. Mpe mwenzako simu yenye rekodi mbili, acheze moja bila kukuambia ni ipi, nawe utaje "mvua" au "peremende". Afuate mpangilio wa kurusha sarafu, si wa kichwani mwake, kwa sababu mtu akichagua mwenyewe huwa anapokeza zamu na wewe utaanza kubahatisha mpangilio wake. Fanyeni mara 20. Asiyesikia chochote atapata kama 10 kwa kubahatisha, na hata 12 au 13 si ajabu. Ukipata 15 au zaidi, bahati tupu hufikisha watu hapo kama mara 2 tu katika majaribio 100, kwa hiyo una sababu ya kuamini kwamba unasikia kweli. Kisha badili msemaji, mwanamke kama wa kwanza alikuwa mwanamume. Alama zikiporomoka, ujue ulikuwa umekariri rekodi. Wasemaji wawili watatu wakikupa matokeo yaleyale, hapo sikio limeshika mshuko wenyewe.

Ukifika hapo, ingia kwenye jozi nyingine za atamadaka na heiban. Mfano mzuri ni kaki: KA-ki-ga ni chaza, ka-KI-GA ni lile tunda lao la rangi ya chungwa linaloiva majira ya kupukutika majani. Baada ya hizo ndipo uende kwenye jozi ngumu zaidi, zile za odaka na heiban, ambazo zinatofautiana kwenye "ga" tu. Ua ni ha-NA-ga, pua ni ha-NA-GA. Hapa sikiliza "ga" peke yake na ujiulize swali moja: imebaki juu au imeanguka? Ukishaliweza hilo kwa ua na pua, rudi kwenye hashi zako. Nadhani utashangaa jinsi vijiti vinavyojitenga na hizo mbili nyingine mara moja, halafu daraja na ukingo vinajitenga kwenye "ga".

Yako mambo machache yatakayokudanganya, na ni bora uyajue mapema kuliko kurudi kulilaumu sikio.

La kwanza ni kwamba sauti ya binadamu hupungua taratibu kadiri sentensi inavyosonga, maana pumzi inakwisha. Hata maneno tambarare huteremka kidogo kidogo. Mwanafunzi anasikia mteremko huo na kusema "imeanguka". Mshuko wa kweli hutokea ghafla kati ya pigo moja na linalofuata. Ule wa pumzi unasambaa kwenye mapigo mengi. Ukiwa na shaka, tumia kompyuta. Programu ya bure iitwayo Praat, iliyoandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inachora kidatu kama mstari wa buluu juu ya rekodi. Weka mpaka wa herzi 75 hadi 300 kwa sauti ya mwanamume, 100 hadi 500 kwa ya mwanamke, la sivyo mstari utaruka ovyo. Kwa "ame ga" ya mvua utaona mstari ukidondoka kuanzia mwisho wa "a" na kupita kwenye "m". Kwa ya peremende utapanda kisha kulala karibu sawa. Mdondoko kwenye mstari unaweza kuchelewa kidogo kuliko pigo unalodhani, hilo ni la kawaida.

La pili ni kijineno "no", kile cha umilikaji. Usikitumie kupimia. Maneno ya odaka yakifuatwa na "no" hupoteza mshuko wake kwa kawaida, kwa hiyo "hana no" ya ua na "hana no" ya pua zote huwa ha-NA-NO. Nimeona mwanafunzi akijitesa na jozi hiyo wiki nzima, ilhali Wajapani wenyewe hapo hawatofautishi.

La tatu ni vitenzi vya adabu. Kununua ni ka-U, kufuga mnyama ni KA-u, jozi safi kabisa. Lakini ukiviweka katika umbo la adabu la -masu, ambalo ndilo wanaoanza hufundishwa kwanza, vyote viwili vinakuwa ka-I-MA-su. Umbo la -masu lina mshuko wake baada ya "ma" na linafuta ule wa kitenzi. Kwa hiyo kama umejifunza kwa miezi mitano ukitumia -masu tu, upande wa vitenzi hujawahi kupewa nafasi ya kusikia tofauti. Tafuta umbo la kamusi: ki-RU ni kuvaa, KI-ru ni kukata.

La nne ni irabu zinazopotea. "I" na "u" zikikaa kati ya konsonanti zisizorindima, kama "k", "s", "sh", "t", hunong'onwa tu, na pigo lililonong'onwa halina kidatu cha kusikia. "Hashi to", yaani "hashi na…", inaweza kupoteza "i" yake kwa namna hiyo. Ndiyo sababu nakusisitizia "ga".

Sasa niitimize ile ahadi ya urefu, kwa sababu mdomo wa Mswahili una hatari ya pekee hapa. Tukiona neno, tunavuta silabi ya pili kutoka mwisho bila kujua. Kwenye Kiswahili hakuna madhara. Kijapani, pigo likivutwa linakuwa mapigo mawili na neno linageuka. Jengo la ghorofa ni BI-ru, bia ni BI-i-ru. Kidatu kinaanza juu kote, tofauti ni pigo moja la ziada, na Mswahili anayetaja jengo kwa mkazo wa nyumbani anaweza kusikika akitaja bia. Mjomba, au mwanamume wa makamo, ni o-JI-SA-N, tambarare; babu au mzee ni o-JI-i-sa-n, mshuko baada ya "ji". Sisi kwa silabi zetu tunahesabu o-ji-san, tunaweka mkazo kwenye "ji", tunaivuta, sauti inapanda na kushuka, na tayari tumemwita babu mtu ambaye ana miaka arobaini. Dawa yake ni kupiga kidole mezani kwa kila pigo ukizungumza, vidole vilingane kwa muda, huku kidatu kikipanda na kushuka bila kugusa mwendo wa kidole. Mwanzoni mikono na sauti zitagombana. Punguza mwendo mpaka zikubaliane.

Kama nyumbani kwenu mnazungumza Kisukuma, Kihaya, Kichaga au Kikuyu, au msomaji mwingine amekulia Kinyarwanda, Kirundi au Kilingala, mna mtaji ambao Mswahili wa lugha moja hana. Katika lugha hizo kidatu hubeba maana tangu utotoni. Chukua maneno mawili ya lugha yenu yanayotofautiana kwa kidatu, yagune kama ulivyoguna ame, halafu uende moja kwa moja kwenye Kijapani. Kiswahili chenyewe kinatupa mlango mwembamba: barabára ya magari na barábara ya "sawasawa". Pale unasikia kuwa mahali pa kupanda pamehama na neno limegeuka, ingawa kwetu nguvu na urefu vinahama pamoja na kidatu.

Jambo la mwisho la kuangalia ni rekodi zinatoka wapi. Yote niliyoeleza ni ya Tokyo, ambayo ndiyo inayofuatwa na vitabu vingi pamoja na watangazaji wa NHK, shirika la utangazaji la Japani. Kyoto na Osaka wana mfumo mwingine, na kwa hashi umegeuka kichwa chini: kwao daraja ni HA-shi na vijiti ni ha-SHI. Ukichanganya msemaji wa Osaka na kitabu cha Tokyo utadhani umechanganyikiwa, kumbe wote wawili wako sahihi. Na kuna sehemu, kama Sendai, Miyazaki na sehemu kubwa ya mkoa wa Ibaraki, ambako lahaja ya asili haitofautishi maneno kwa kidatu hata kidogo. Watu wa huko wanakula kwa vijiti na kuvuka madaraja, wanaelewana vizuri, kwa sababu sentensi yenyewe inaonyesha ni hashi gani. Kwa hiyo ukikosea kidatu dukani Tokyo utaeleweka. Utasikika mgeni tu, na msikilizaji atachelewa kidogo kukuunganisha pale sentensi inapokuwa fupi.

Kwa neno lolote unalolitilia shaka, NHK wana kamusi ya matamshi, toleo jipya la 2016, na bure mtandaoni ipo OJAD, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ambayo inachora mstari wa kidatu juu ya neno na kukuonyesha kitenzi kimoja katika maumbo yake mbalimbali. Fungua hapo "kau" zote mbili, uangalie umbo la kamusi, kisha la -masu, kisha la -te. Kununua ni ka-T-TE, kufuga ni KA-t-te. Ile "t" ya kwanza ni pigo la kimya, usiliruke. Fanya hivyo na kitenzi kimoja kwa siku, ukiguna kwanza na kutamka baadaye, na ukikwama kwenye jozi fulani niandikie jozi yenyewe pamoja na "ga" yake, nikuambie mshuko wake uko wapi.